Mkono unapatia, mdomo unakana

Mwaka 1973, hospitali moja ya neva jijini London ilimfanyia upasuaji mwanamume ambaye maandiko ya kitaalamu yanamtaja kwa herufi mbili tu, D.B. Kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa yaliyotokana na fundo la mishipa ya damu nyuma ya ubongo, upande wa kulia. Fundo lilitolewa na maumivu yakapungua, lakini lilitoka pamoja na sehemu kubwa ya gamba la ubongo linalopokea habari za macho, lile wanalolifupisha kwa jina V1. Kwa kuwa ubongo wa kulia ndio unaopokea mandhari ya kushoto, D.B. alibaki hana uoni upande wa kushoto wa alichokuwa akikitazama, na macho yake yote mawili yalikuwa mazima kabisa.

Mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake hawakuishia kumwuliza anaona nini. Walimkalisha, wakamtaka akaze macho katikati, wakamulika nukta ya mwanga upande ule wa upofu, kisha wakamwambia anyooshe kidole pale anapodhani mwanga ulikuwa. Alijibu kama mtu yeyote angejibu: hajaona mwanga, sasa anyooshe wapi? Wakamwomba abahatishe tu, na akabahatisha. Kidole kikawa kinakwenda karibu na penyewe, mara baada ya mara. Wakambadilishia zoezi: mstari huu umesimama au umelala, herufi hii ni X au O. Alama zikiwa kubwa vya kutosha alipatia mara nyingi mno kwa mtu anayebahatisha. Alipoonyeshwa matokeo yake alishangaa, na akashikilia kwamba hakuona chochote.

Taarifa za kesi hiyo zilitoka mwaka 1974, na watafiti wakaipa hali hiyo jina linalounganisha uoni na upofu. Humu nitaiita uoni kipofu.

Kinachosemwa sana kuhusu habari hii kwenye mitandao na vitabu vya sayansi kwa wote ni hiki: ubongo una njia mbili za kuona, moja inajitambua na nyingine haijitambui; ukiharibikiwa na ile ya kwanza unabaki na ya pili, ndiyo maana D.B. aliweza. Ni maelezo mepesi, yanamezeka vizuri. Kwa maoni yangu yamechanganya wagonjwa wawili tofauti, na mchanganyiko huo unaficha jambo ambalo kesi hizi zinatufundisha kweli kuhusu kuona kwa kujitambua.

Lakini kwanza tuondoe shaka la wazi. Mwanga husambaa. Nukta inayomulikwa kushoto inaweza kutawanyika ndani ya mboni na kugusa upande wa kulia ambao bado unaona, na mgonjwa akapata fununu bila kujua ameipata wapi. Wakosoaji waliitoa hoja hii kwa nguvu mwaka 1983, na ilistahili kujibiwa. Jibu la Weiskrantz ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu.

Kila jicho lina doa ambalo halioni kitu, pale mshipa wa neva unapotokea kwenda kwenye ubongo, maana pale hakuna seli za kupokea mwanga. Unaweza kulikuta sasa hivi. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, kisha weka nukta upande wake wa kulia, umbali wa sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba bila kulihamisha, halafu sogeza karatasi mbele na nyuma taratibu. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta inapotea na karatasi inaonekana tupu.

Weiskrantz alipanga mambo ili nukta ya mwanga iangukie doa hilo la D.B., lililokuwa ndani ya eneo lake la upofu. Kama siri ilikuwa mwanga unaosambaa, basi mwanga ungesambaa vilevile kutoka kwenye doa, na D.B. angeendelea kupatia. Haikuwa hivyo. Mwanga ulipoangukia doa, majibu yake yakawa ya bahati nasibu. Uliposogezwa pembeni kidogo, bado ndani ya upofu wake lakini mahali penye seli hai za jicho, alipatia. Kwa mtazamo wake yeye sehemu zote mbili zilikuwa sawa, hakuona kitu popote. Ubongo wake ndio ulioonyesha tofauti.

Kwa hiyo habari za mwanga zilikuwa zinaingia. Zilipitia wapi, kama V1 ya upande ule haipo? Nyuzi nyingi zinazotoka machoni huenda kwenye kituo kilichomo katika thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, na kutoka hapo hadi V1. Nyingine, chache lakini si haba, huenda kwenye kituo cha zamani zaidi juu ya shina la ubongo, kinachosaidia kugeuza macho na kichwa. Kwa miaka mingi wengi waliamini uoni kipofu unategemea kituo hicho cha pili. Kisha mwaka 2010 Michael Schmid na wenzake walifanya jaribio kwa nyani walioondolewa sehemu ya V1: walipokizima kwa muda kile kituo cha thalamasi, uwezo uliobaki nao ukazimika. Inaonekana zipo nyuzi zinazotoka thalamasi na kuruka V1, zikaenda moja kwa moja kwenye maeneo yanayofuata baada yake, hasa lile linaloshughulika na vitu vinavyotembea. Inawezekana njia ni zaidi ya moja, na umri wa mgonjwa alipoumia nao una neno lake. Kwa mjadala wetu inatosha kujua kwamba uoni kipofu ni kile kinachobaki lango kuu likibomoka.

Mgonjwa wa pili hakubomokewa na lango. Alibomokewa na chumba kimoja cha ndani.

Mwaka 1988 mwanamke wa Kiskoti aliyekuwa akiishi Italia, anayetajwa kama D.F., alikuwa akioga katika bafu lenye hita ya gesi isiyotoa moshi vizuri. Gesi ya kaboni monoksidi ikajaa. Aliokolewa akiwa hai, lakini sehemu mbili za gamba la ubongo, moja kila upande, zilikuwa zimeharibika. Ndizo sehemu ambamo umbo la kitu hutambuliwa. V1 yake kwa kiasi kikubwa ilisalimika.

David Milner, aliyekuwa chuo kikuu cha St Andrews, na Melvyn Goodale kutoka Kanada walianza kumchunguza. D.F. hakuwa kipofu hata kidogo. Rangi aliziona. Aliweza kutofautisha plastiki na chuma kwa kutazama tu. Akionyeshwa tochi alisema imetengenezwa na nini na ina rangi gani, lakini kwamba hiyo ni tochi hakujua mpaka iwekwe mkononi mwake. Umbo ndilo lililopotea. Siku moja alionyeshwa penseli na kuulizwa imelala au imesimama, akashindwa. Kisha akanyoosha mkono kuichukua, na mkono ukaenda umejipanga sawasawa na penseli.

Hapo ndipo likatengenezwa jaribio lililotangazwa mwaka 1991. Mbele yake liliwekwa bamba la duara lenye ufa kama wa sanduku la posta, na bamba hilo liliweza kuzungushwa ili ufa ulale kwa pembe yoyote. D.F. alipewa kadi. Alipoambiwa aizungushe kadi mkononi, bila kusogea, ilandane na mwelekeo wa ufa, alikosea vibaya. Alipoambiwa aipenyeze kadi ndani ya ufa, aliipenyeza karibu sawa na mtu asiye na jeraha la ubongo. Na hakuwa akipapasa hadi apate: picha za video zilionyesha mkono ukianza kujigeuza kuelekea pembe sahihi tangu ulipoondoka, kadi ikiwa bado mbali na bamba. Vilevile kwa vitofali vyenye eneo sawa na upana tofauti. Aambiwe aonyeshe upana kwa kidole gumba na cha shahada, hawezi. Aambiwe akiokote, vidole vinafunguka kwa kadiri ya upana wa kitofali kabla havijakigusa.

Mwaka 1992 Goodale na Milner waliandika kwamba baada ya V1 habari hugawanyika mikondo miwili. Mkondo wa chini huelekea pembeni mwa ubongo, upande wa masikio, na kazi yake ni kutambua: hiki ni nini, nimekiona wapi, ni rafiki au adui. Mkondo wa juu hupanda kuelekea utosini, na kazi yake ni kuongoza mwili: mkono ufike wapi, ufunguke kiasi gani, mguu ukanyage wapi. Miaka 10 kabla yao, Leslie Ungerleider na Mortimer Mishkin walikwishaitenga mikondo hiyo kwa nyani, ila wao waliigawa kwa kitu ni nini na kitu kiko wapi. Badiliko la mwaka 1992 lilikuwa kuuliza habari inatumikaje.

Sasa tofauti ya wagonjwa wawili iko wazi. D.F. anaona na kujua kwamba anaona. Amekosa kipengele kimoja cha alichokiona. D.B. upande wa kushoto hajui kama kuna kitu. Tena D.B. aliweza kubagua X na O na kuitamka herufi kwa mdomo, kazi ambayo mkondo wa juu, kama Milner na Goodale walivyoueleza, haukupaswa kuifanya. Kwa hiyo mtu akisema uoni kipofu ni mkondo wa juu unaofanya kazi peke yake, kesi iliyouzaa uwanja wenyewe inamkatalia.

Hapo naingia kwenye hoja yangu. Tukitaka kujua kuona kwa kujitambua kunafanya kazi gani, tusiangalie usahihi. Usahihi unaweza kuwepo bila kujitambua. Kesi zote mbili zimethibitisha hilo. Tuangalie nini kinatokea kitu kikiondolewa, na nini kinatokea mtu asipoulizwa.

Chukua D.F. na vitofali. Mwaka 1994 Goodale na wenzake walimwonyesha kitofali, wakakiondoa, wakangoja sekunde 2, kisha wakamwambia afanye kana kwamba anakiokota pale kilipokuwa. Watu wasio na jeraha la ubongo wanafanya hivyo bila taabu. D.F. vidole vyake vikawa havifuati tena upana wa kitofali. Muda wa kuvuta pumzi moja ulitosha kufuta kila alichokuwa nacho. Upande wa pili wako wagonjwa walioumia mkondo wa juu, ambao wanatambua kila kitu lakini mkono ukienda kuchukua unakosea njia. Mmoja wao, A.T., aliyechunguzwa Ufaransa, alinyoosha mkono akakosea kama kawaida yake. Alipolazimishwa kusubiri sekunde 5 baada ya kitu kuondolewa ndipo anyooshe, kosa lilipungua. Alipokuwa anatenda papo hapo alitegemea mkondo ulioharibika. Akisubiri, anatumia kumbukumbu ya alichokiona, na kumbukumbu hiyo inatoka kwenye mkondo usioharibika.

Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yana uzito kuliko jaribio la kadi, ingawa kadi ndiyo iliyopata umaarufu. Yanaonyesha kwamba mkondo wa juu hauweki akiba. Hupima umbali na upana kwa ajili ya mkono ulioko njiani, na mwendo ukiisha vipimo navyo vimekwisha. Kinachoweza kubaki, kikumbukwe na kusimuliwa kesho, kinatoka chini.

Uoni kipofu nao una upungufu unaofanana na huo, kwa sura nyingine. Wagonjwa wake hawaanzi wenyewe. Glasi ya maji ikiwekwa upande wa upofu, mwenye kiu hainyakui, maana kwake hakuna glasi. Lazima awepo mtafiti wa kumwambia sasa kuna kitu, chagua moja kati ya mawili. Mgonjwa mwingine maarufu, G.Y., aliyeumia kichwa utotoni katika ajali ya gari, alipewa mwaka 2007 mchezo wa dau: baada ya kila jibu aweke dau dogo au kubwa la fedha kwamba amepatia. Alipatia majibu karibu mara 7 katika kila 10, lakini dau kubwa aliliweka kama nusu tu ya pale alipopatia. Fedha ilikuwa mezani na jibu sahihi lilikuwa kichwani, ila hakuwa na namna ya kujua kwamba analo.

Mtu anaweza kudhani huo ni unyonge wa maneno tu, kwamba anaona kwa mbali ila anaona haya kusema. Ndiyo maana jaribio la Alan Cowey na Petra Stoerig la mwaka 1995 lina maana kubwa. Nyani walioondolewa V1 ya upande mmoja walijifunza kugusa mwanga kwenye skrini, na waliugusa vizuri hata ulipokuwa upande wa upofu. Kisha wakafundishwa, kwa kutumia upande wao unaoona, kitufe cha ziada cha kubonyeza pale ambapo hakuna mwanga wowote. Mwanga uleule wa upande wa upofu, uleule ambao wangeugusa kwa usahihi, ulipotokea sasa walibonyeza kitufe cha hakuna kitu. Nyani hana haya ya kusema.

Hata hivyo sitasema mjadala umefungwa. Mwanafalsafa Ian Phillips alitoa hoja mwaka 2021 kwamba uoni kipofu ni uoni wa kujitambua uliofifia mno, na kwamba mgonjwa anaweka kizingiti cha juu kabla ya kukubali kusema ameona. Ana silaha za kweli mkononi. Kitu kikienda kasi au kikiwa na mng'ao mkubwa, G.Y. mwenyewe alisema anapata hisia ya kitu, mfano wa kivuli cheusi kinachopita juu ya weusi. Tangu mwaka 1917 daktari George Riddoch alieleza askari waliopigwa risasi kisogoni vitani ambao hawakuona kitu kilichotulia lakini waliona kitu kikitembea. Kuna kiza chenye ngazi ngazi hapa, na kumgawa kila mgonjwa kati ya anaona na haoni ni kulazimisha. Nadhani Phillips amepatia kuhusu baadhi ya vikao na baadhi ya wagonjwa. Kinachonifanya nisimfuate hadi mwisho ni kwamba suala la kizingiti lilikwishapimwa. Paul Azzopardi na Cowey, mwaka 1997, walilinganisha G.Y. akijibu ndiyo au hapana na akilazimishwa kuchagua kati ya mawili, wakitumia hesabu inayotenga kizingiti na uwezo wenyewe. Upande wa upofu, uwezo wenyewe ulitofautiana kati ya maswali hayo mawili kwa namna ambayo haikutokea kwa watu wasio na jeraha la ubongo waliopewa mwanga hafifu.

Upande wa D.F. nao una nyufa. Mwaka 2012 Thomas Schenk alitumia kioo ili kitofali kinachoonekana kiwe mahali ambapo mkono haugusi kitu, na uhodari wa D.F. ukatoweka. Akahoji kama si mguso uliokuwa ukimsahihisha muda wote. Robert Whitwell, Goodale na wenzao wakarudia na kioo, safari hii mkono ukikuta kitu nyuma yake, lakini cha upana uleule kila mara, ili mguso usiweze kumfundisha lolote kuhusu upana. Vidole vikaendelea kufuata upana wa kile kilichoonekana. Jibu hilo linaniridhisha, ila linabakiza fundisho: mkondo wa juu unataka kitu cha kushika kweli, vinginevyo hauwaki. Isitoshe ubongo wa D.F. una makovu ya mkondo wa juu pia, kwa hiyo kumfanya shahidi pekee wa nadharia nzima ni kumtwisha zaidi ya uwezo wake.

Kosa la mwisho ni la wale wanaoruka upande wa pili na kusema basi kujitambua kumo ndani ya mkondo wa chini. Wapo wagonjwa wa kiharusi walioumia sehemu ya juu kulia ambao, vitu viwili vikionyeshwa kwa pamoja, hukiona cha kulia na kukikosa cha kushoto. Geraint Rees na wenzake mwaka 2000 walimweka mgonjwa wa aina hiyo ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Kitu alichokana kukiona kilikuwa kimeamsha V1 na mkondo wa chini. Mkondo huo unahitajika ili umbo lionekane, kama D.F. alivyotuonyesha, lakini kuwaka kwake peke yake hakutoshi.

Hayo yana upande wa hospitali pia. Baada ya kiharusi cha nyuma ya ubongo, mgonjwa huwekwa mbele ya kifaa cha kupima upana wa uoni, akapewa kitufe cha kubonyeza kila aonapo nukta. Kifaa hicho kinauliza swali moja tu, umeona? Eneo lisilobonyezewa linapakwa jeusi kwenye ramani. Kundi la Krystel Huxlin huko Rochester, Marekani, liliuliza swali la pili ndani ya eneo jeusi: nukta zinakwenda kushoto au kulia? Katika utafiti uliotoka mwaka 2020, baadhi ya waliopimwa ndani ya miezi 3 ya kwanza waliweza kujibu katika sehemu ambazo ramani ilionyesha ni upofu, na waliofanyishwa mazoezi mapema walipiga hatua haraka kuliko waliochelewa. Kwa wale waliopimwa baada ya miezi 6 bila mazoezi, uwezo huo haukuonekana tena.